Bell, Gray na Aya ya Zebaki: Nani Hasa Alivumbua Simu?

*"Shikamoo mwalimu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu, na kila mwaka naandika ubaoni kwamba Alexander Graham Bell alivumbua simu mwaka 1876. Mwaka huu mwanafunzi mmoja kaniambia Bell alimtangulia Elisha Gray kwa saa mbili tu, mwingine akasema Bell aliiba, wa tatu akasema mvumbuzi wa kweli ni Mwitaliano Meucci. Niwajibu nini?"* — Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwalimu. Una darasa zuri, maana wanafunzi wako watatu wamegusa mambo matatu ambayo mawakili walibishania kwa zaidi ya miaka 10. Nitaanza na la saa mbili, yaani kwamba karatasi za Bell zilifika saa mbili kabla ya za Gray kwenye ofisi ya hataza mjini Washington, ile inayompa mvumbuzi haki ya pekee ya uvumbuzi wake, kwa sababu ndilo linalosimuliwa zaidi na ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

Chini ya sheria ya Marekani ya wakati ule, hataza haikuwa ya mtu aliyefika dirishani kwanza. Ilikuwa ya mtu aliyevumbua kwanza. Hata kama Gray angefika asubuhi na Bell jioni, bado Bell angeweza kushinda kwa kuthibitisha kwamba wazo lilikuwa lake mapema zaidi. Marekani waliufuata utaratibu huo mpaka Machi 2013. Huku kwetu, na karibu kila mahali duniani, anayetambuliwa ni aliyewasilisha ombi kwanza, ndiyo maana hadithi ya saa mbili inatuingia kirahisi. Tunaihukumu Washington ya 1876 kwa kanuni ambayo haikuwapo. Tena ofisi ya hataza haikuwa ikiandika saa, iliandika siku tu. Hakuna karatasi inayosema "saa mbili".

Swali lenye uzito ni jingine: ndani ya hataza ya Bell kuna aya moja inayozungumzia zebaki na maji, inayofanana na wazo la Gray. Je, aya hiyo iliingiaje mle? Nitakueleza ninavyoiona, lakini kwanza tukubaliane kuhusu kitu wote wawili walichokuwa wakikitafuta.

Mwaka 1874 na 1875 hakuna mfadhili aliyekuwa akitafuta simu. Fedha ilikuwa kwenye telegrafu. Waya ni ghali, na kampuni iliyoweza kupitisha ujumbe kadhaa kwa wakati mmoja kwenye waya mmoja ingevuna pesa nyingi. Njia moja ilikuwa kutumia sauti za muziki: kila mtumaji apewe noti yake, na upande wa pili kila chuma kiitikie noti inayolingana nacho. Gray, fundi mzoefu wa umeme na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Western Electric ya Chicago, alikuwa mbali sana katika kazi hiyo. Bell, Mskoti aliyekuwa akifundisha viziwi kuzungumza mjini Boston, alikuwa nyuma yake kwa ufundi wa umeme, lakini aliijua sauti ya binadamu kuliko mtu yeyote katika mbio zile. Wafadhili wa Bell walikuwa Gardiner Hubbard, mwanasheria, na Thomas Sanders, mfanyabiashara wa ngozi. Walimlipa kwa ajili ya telegrafu, si kwa ajili ya maneno.

Tofauti kati ya noti na neno ndiyo inayobeba kesi nzima. Noti moja unaweza kuituma kwa kuukata na kuurudisha mkondo wa umeme haraka haraka. Chuma upande wa pili kitatetemeka kwa kasi ile ile na utasikia mlio. Neno halikubali hivyo. Irabu "a" na irabu "i" zikitamkwa kwa kimo kimoja na kwa nguvu sawa bado ni sauti mbili tofauti, kwa sababu umbo la wimbi la hewa ni tofauti. Mkondo wa kukatwa na kurudishwa haubebi umbo hilo. Ni kama bomba la maji lenye hali mbili tu, wazi kabisa au limefungwa kabisa: kwa bomba la namna hiyo huwezi kuonyesha jinsi mkono ulivyokuwa ukizungusha koki taratibu. Ili neno lipite, mkondo unapaswa kupanda na kushuka bila kukatika, kwa umbo lile lile la mtetemo wa hewa. Bell aliuita mkondo wa mawimbi.

Lini Bell aliliona hilo? Hapa tarehe ipo. Siku ya 2 Juni 1875, katika dari ya karakana ya Charles Williams, namba 109 mtaa wa Court, Boston, Bell na fundi wake Thomas Watson walikuwa wakijaribu mitambo ya telegrafu ya muziki. Katika chumba kimoja, ulimi wa chuma wa mtambo wa Watson uligoma kutetemeka. Skrubu ilikuwa imekazwa mno, kwa hiyo mkondo haukuwa ukikatika tena. Watson akaukwanyua ulimi kwa kidole. Bell, chumba cha pili, akasikia mlio wa ulimi ule wenyewe, pamoja na vimilio vyake vidogo vinavyoupa chuma sauti yake. Betri haikuwa na sehemu katika hilo. Ulimi wenye usumaku, ukicheza mbele ya sumaku-umeme, ulizalisha mkondo wake mwenyewe, na mkondo huo ulipanda na kushuka kama ulimi ulivyokwenda na kurudi. Bell aliagiza mara moja kitengenezwe chombo chenye ngozi iliyotandazwa, ulimi wa chuma ukiwa umeunganishwa nayo. Kikatoa sauti za mtu anayesema, lakini maneno hayakueleweka. Ni hatua hiyo ya Juni 1875 ninayotaka uishike, maana tutairudia tukifika mahakamani.

Sasa twende Washington, Jumatatu ya 14 Februari 1876.

Bell hakuwapo, alikuwa Boston. Ombi lake lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kiapo chake alikuwa ameapa tarehe 20 Januari. Lilicheleweshwa kwa makusudi kwa sababu ya Uingereza: Bell alimpa rafiki yake, George Brown wa Toronto, nakala ya kuipeleka London, na ombi la Marekani lilitakiwa lisubiri mpaka la London liwe limepokelewa. Brown alisafiri mwishoni mwa Januari lakini hakuliwasilisha. Hubbard akachoka kungoja. Bila kumwuliza Bell, akawaruhusu mawakili Anthony Pollok na Marcellus Bailey waliwasilishe siku hiyo.

Siku hiyo hiyo wakili wa Gray, William Baldwin, naye alipeleka karatasi. Lakini ya Gray halikuwa ombi la hataza. Ilikuwa ilani. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mtu ambaye uvumbuzi wake haujakamilika kulipa dola 10 na kuacha taarifa ya siri: "nafanya kazi hii, mtu mwingine akileta ombi linalogongana nayo, nijulisheni." Ikitokea hivyo, ofisi ilimwandikia mwenye ilani na kumpa miezi 3 alete ombi kamili, kisha wawili hao washindanishwe kwa ushahidi wa nani alitangulia kuvumbua. Ilani ilidumu mwaka mmoja na ilihitaji kulipiwa tena.

Mkaguzi wa hataza za umeme alikuwa Zenas Wilber. Aliona mgongano, na tarehe 19 Februari akalisimamisha ombi la Bell kwa miezi 3. Huo ndio utaratibu, hadi hapo hakuna kasoro. Mawakili wa Bell wakaandika barua wakiomba ofisi iangalie daftari la mapato: ada ya nani iliingizwa kwanza? Ikaonekana kwamba ada ya Bell ilikuwa ya tano siku hiyo, ya Gray ya thelathini na tisa. Kaimu kamishna, Ellis Spear, akakubali kwamba kwa kawaida siku huhesabiwa kama siku nzima, lakini kwa kuwa daftari liko wazi, mkaguzi alifuate. Tarehe 25 Februari kizuizi kikaondolewa.

Hapo ndipo Gray alipopoteza nafasi yake, na hapo ndipo ninapoona kosa la ofisi. Daftari la mapato huonyesha karani alivyoandika fedha, si nani alivumbua nini, wala si lazima lionyeshe nani alifika mlangoni kwanza. Karatasi zilizoachwa kapuni asubuhi zingeweza kuandikwa alasiri, na wakili aliyesimama mbele ya karani na kudai aandikiwe papo hapo angeweza kumpita aliyetangulia. Gray mwenyewe baadaye alidai hivyo. Lakini hata tukiacha nani aliingia lini, ilani na ombi vya siku moja vilistahili kushindanishwa. Kwa kutumia daftari, ofisi ilikata shauri ambalo lilipaswa kukatwa kwa ushahidi.

Tuje kwenye aya yenyewe. Hataza ya Bell, namba 174,465, ilitolewa tarehe 7 Machi 1876, na jina lake ni "Maboresho katika Telegrafu". Sehemu kubwa inaeleza njia ya sumaku: chuma kinacheza mbele ya sumaku-umeme na kuzalisha mkondo wa mawimbi, kama ilivyotokea Juni 1875. Lakini katikati kuna aya inayosema kuna njia ya pili: mkondo wa mawimbi unaweza kupatikana kwa kuongeza na kupunguza ukinzani wa saketi yenye betri. Mfano unaotolewa ni waya uliozama ndani ya zebaki au kimiminika kingine, na kwamba unavyozama zaidi ndivyo ukinzani unavyopungua.

Linganisha na ilani ya Gray. Mchoro wake unaonyesha mtu akisemea ndani ya kijaluba. Chini ya kijaluba kuna utando, na chini ya utando kumening'inia waya uliochovywa ndani ya kikombe cha kimiminika, ncha yake ikikaribia ncha nyingine iliyopo chini ya kikombe. Mtu akisema, utando unacheza, waya unapanda na kushuka, umbali kati ya ncha mbili unabadilika, ukinzani unabadilika, na mkondo unafuata. Huo ni ukinzani unaobadilika, umeelezwa kwa kazi ya kupitisha usemi, na chombo kimechorwa kizima. Katika hataza ya Bell hakuna mchoro wowote wa chombo cha namna hiyo. Kuna maneno tu.

Sasa, mambo manne yanayowafanya wanaomshuku Bell wamshuku, na ninakiri yana nguvu.

Nakala aliyopewa Brown kwenda nayo London haina aya hiyo. Brown aliondoka siku chache baada ya kiapo cha 20 Januari, kwa hiyo swali ni la haki: kama aya ilikuwamo kwenye ombi la Marekani tarehe 20, kwa nini haimo kwenye nakala aliyopewa Brown tarehe 25? Katika rasimu moja ya Bell iliyobaki, aya imeandikwa pambizoni, si ndani ya matini. Bell aliapa kwamba aliiongeza dakika za mwisho, kabla karatasi hazijaenda kunakiliwa vizuri Washington, na kwamba nakala ya Brown iliandaliwa kabla ya nyongeza hiyo.

La pili ni safari. Bell alifika Washington tarehe 26 Februari na akaenda kumwona mkaguzi Wilber. Hili hakulikana. Alisema mahakamani kwamba Wilber alikataa kumwonyesha ilani, kwa kuwa ilikuwa siri, ila alimwekea kidole kwenye aya ya ombi lake mwenyewe iliyokuwa ikigongana nayo: aya ya zebaki. Mwaka uliofuata, 1877, alimwandikia Gray kwamba kuhusu ilani ile alijua tu ilihusu mtetemo wa waya ndani ya maji. Kwa kanuni za ofisi hata hicho kidogo hakupaswa kukijua.

La tatu ni daftari la majaribio. Mpaka mwisho wa Februari 1876, Bell hakuwa amejaribu kupitisha sauti kwa kimiminika. Alirudi Boston tarehe 7 Machi. Kesho yake akaanza majaribio ya maji yenye asidi. Katika kurasa za siku hizo kuna mchoro wa kichwa cha mtu kilichoinama juu ya chombo, unaofanana mno na wa Gray. Na tarehe 10 Machi, katika vyumba vyake namba 5 Exeter Place, akasemea ndani ya chombo chenye utando, sindano na kikombe cha maji yenye asidi, na Watson, chumba kingine, akasikia neno kwa neno: Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona. Wakabadilishana, Watson akasoma kitabu, na Bell akaandika kwamba sauti ilikuwa kubwa lakini haikuwa safi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyoeleweka kupitia waya wa Bell, na yalipita kwa njia ya Gray, si kwa njia ya sumaku. (Ile hadithi kwamba Bell aliita kwa sababu alimwagikiwa na asidi waambie wanafunzi waiache. Daftari halina neno kuhusu asidi kumwagika; ilitoka kwa Watson uzeeni.)

La nne ni Wilber mwenyewe. Aprili 1886, miaka 10 baadaye, aliapa kwamba alikuwa mlevi, kwamba alikuwa na deni kwa wakili Bailey, ambaye walipigana pamoja vitani, na kwamba alimwonyesha Bell ilani ya Gray na baadaye Bell akampa dola 100. Kiapo kilichapishwa magazetini mwezi Mei. Bell akajibu kwa kiapo chake kukana kila kitu.

Wanafunzi wako wakisoma hicho cha nne peke yake watadhani kesi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu Wilber alikuwa ameapa mara nyingine kabla, Oktoba 1885, na kiapo kile kilimtetea Bell. Alieleza kwamba alipotia saini kile cha kwanza alikuwa amelewa. Viapo vyote vilitolewa wakati kampuni hasimu zilikuwa zinapigania mamilioni, na kila upande ulikuwa ukimtaka. Shahidi aliyeapa mambo mawili yanayopingana hafai kusimama peke yake, upande wowote. Mimi humwacha kando kabisa na kuangalia karatasi.

Karatasi zinaniambia hivi. Kwamba aya ya zebaki iliingizwa kwa wizi baada ya 14 Februari, sijaridhika. Ombi lililosimamishwa tarehe 19 lilisimamishwa kwa sababu liligongana na ilani ya Gray, na jambo ambalo Wilber alilionyesha kuwa la mgongano ni ukinzani unaobadilika. Ingekuwa aya haimo, kizuizi kile kingehitaji sababu nyingine. Bell pia aliweza kuonyesha ombi lake la zamani, la Februari 1875, lenye kikombe cha zebaki, ingawa mle zebaki ilikuwa kwa kazi ya telegrafu tu, si ya usemi. Kwa hiyo wazo la waya kwenye kimiminika halikuwa geni kwake. Lakini kwamba chombo cha 10 Machi kilitokana na alichokisikia ofisini kwa Wilber, hilo naliona ni karibu hakika. Zebaki ya aya yake isingempeleka popote: inapitisha umeme vizuri mno, kwa hiyo waya ukizama kidogo zaidi au kidogo pungufu ukinzani wa saketi nzima haubadiliki kiasi cha maana. Maji yenye asidi ndiyo yanafaa, na maji ndiyo yaliyokuwa kwenye ilani ya Gray.

Je, hilo linaifuta hataza? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, hata waandishi wazuri. Dai lililobeba mashauri yote ya baadaye ni la tano, la mwisho katika hataza. Linadai njia ya kupitisha sauti za usemi au nyinginezo kwa kusababisha mawimbi ya umeme yanayofanana kwa umbo na mitetemo ya hewa. Halisemi zebaki, halisemi maji. Linadai kanuni yenyewe, na kanuni hiyo Bell alikuwa nayo kwa njia ya sumaku tangu Juni 1875, miezi kadhaa kabla Gray hajaandika ilani. Ukiitoa aya ya zebaki yote, dai la tano linabaki limesimama juu ya sumaku.

Na Bell mwenyewe aliacha maji. Katika Maonyesho ya Philadelphia, tarehe 25 Juni 1876, mbele ya Mfalme Pedro wa Pili wa Brazil na mwanafizikia William Thomson, alitumia chombo cha sumaku, na simu zake za kwanza za biashara zilikuwa za sumaku. Wanaomtetea wanasema hakuhitaji maji. Wanaomshuku wanasema aliona aibu kuonyesha chombo cha mwenzake huku Gray akiwa miongoni mwa watazamaji. Gray alikuwapo kweli siku ile. Nadhani pande zote mbili zina sehemu ya ukweli.

Kuna swali wanafunzi wako watakuuliza: kwa nini Gray alinyamaza? Kwanza alishauriwa vibaya. Baldwin alimwambia kwamba Bell ameapa kiapo chake tarehe 20 Januari, kabla ya ilani kuandikwa, kwa hiyo asijisumbue. Gray hakuleta ombi kamili. Pili, wafadhili wake, akiwamo Samuel White wa Philadelphia aliyetajirika kwa vifaa vya meno, waliona simu ya kusema ni kitu cha kuchezea na wakamtaka arudi kwenye telegrafu. Tatu, aliandika barua. Tarehe 5 Machi 1877 alimwambia Bell kwamba hadai sifa ya kuvumbua, kwa sababu maelezo ya wazo ambalo halijatengenezwa na kufanya kazi hayastahili kuitwa uvumbuzi. Miaka miwili baadaye, Western Union ilipokuwa ikishtakiwa na kampuni ya Bell na Gray akiwa shahidi wao, barua hiyo ilitolewa mahakamani. Wakili mkuu wa Western Union akawashauri wateja wake wapatane. Tarehe 10 Novemba 1879 kampuni kubwa kuliko zote za telegrafu Marekani ilijitoa kwenye biashara ya simu na kuikabidhi kampuni ya Bell mitandao yake, kwa kulipwa asilimia 20 ya mapato ya kukodisha simu kwa miaka 17. Baada ya hapo Gray hakuwa tena na tajiri wa kumpigania.

Meucci nitamshughulikia kwa ufupi zaidi kuliko anavyopewa mitandaoni. Antonio Meucci, mzaliwa wa Florence, aliyehamia Staten Island, New York, mwaka 1850, aliunganisha karakana yake na chumba cha mkewe mgonjwa kwa waya, na Desemba 1871 akaweka ilani iitwayo "Telegrafu ya Sauti". Aliilipia tena 1872 na 1873, kisha ikaisha Desemba 1874. Alikuwa maskini, na mwaka 1871 alijeruhiwa vibaya boti ya kivuko ilipolipuka. Ninamhurumia kwa dhati. Lakini ukimpima kwa kipimo kile kile tulichowapimia Bell na Gray, ilani yake haielezi mkondo wa mawimbi, haina sumaku-umeme, haina utando. Julai 1887 Jaji Wallace wa New York aliamua kwamba kilichothibitishwa ni sauti iliyopita kwenye waya kama inavyopita kwenye uzi uliokazwa, bila umeme. Mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumheshimu, likisema angelipa dola 10 mwaka 1874 Bell asingepewa hataza. Hilo si sahihi kisheria. Ilani ingempa taarifa na miezi 3 ya kujitetea, basi. Angepaswa bado kuthibitisha kwamba kilichomo ni kile kile alichodai Bell. Na azimio la baraza moja halifuti hukumu ya mahakama.

Kuna mwingine ambaye wanafunzi hawakumtaja na anastahili nafasi kuliko Meucci: Philipp Reis, mwalimu wa Friedrichsdorf, Ujerumani, aliyeonyesha chombo chake mjini Frankfurt tarehe 26 Oktoba 1861, karibu miaka 14 kabla ya ule ulimi wa Watson. Kilipitisha muziki vizuri na mara moja moja neno. Tatizo ni lile lile la bomba: kilikusudiwa kukata na kurudisha mkondo. Ncha zake zikigusana kwa wepesi bila kuachana kabisa, zinafanya kazi kama ukinzani unaobadilika na neno linapita, lakini Reis hakulikusudia hilo na fundi aliyekitumia kama kilivyoelezwa hakulipata.

Mashauri kadhaa yalifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikatolewa 19 Machi 1888. Bell alishinda kwa majaji 4 dhidi ya 3. Cha kushangaza, wale watatu hawakutofautiana na wenzao kwa ajili ya Gray wala Meucci. Walimwamini Daniel Drawbaugh, fundi wa kijijini Pennsylvania, aliyeleta makumi ya mashahidi walioapa kwamba walisema na kusikia kupitia vyombo vyake miaka mingi kabla ya 1876. Hakuwa na karatasi ya zamani hata moja ya kuthibitisha. Kura moja tu ingegeuka, leo mwanafunzi wako wa nne angekuja na jina la Drawbaugh.

Kwa hiyo ubaoni usiache "alivumbua simu" peke yake. Ningeandika kwamba Bell alitambua 1875 na kupewa hataza 1876 kwa kanuni ya mkondo unaofuata umbo la sauti, na kwamba Gray alibuni peke yake kisemeo cha kimiminika ambacho Bell alikitumia kupitisha maneno ya kwanza. Kama shule ina mtandao, wafungulie wanafunzi hataza 174,465 na mchoro wa ilani ya Gray, kisha kurasa za daftari la Bell za Machi 1876. Zote zimepigwa picha na zinapatikana bure, daftari likiwa kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Waambie watafute dai la tano, waisome aya ya zebaki, kisha wakupe sababu ya kifizikia kwa nini zebaki isingefanya kazi na maji yenye asidi yakafanya.